"Nilidhani" Si Kigezo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapoandika Kazi ya Programu

Mgahawa mmoja wa Dar es Salaam unapokea maagizo ya chakula cha jioni kwa programu ya simu. Jikoni wanataka kujua idadi ya sahani kabla ya kuinjika sufuria. Msimamizi wa mradi anafungua tiketi na kuandika: "Maagizo ya jioni yafungwe saa 11. Mteja apewe ujumbe mzuri." Mtekelezaji anaisoma na kuielewa. Mpimaji naye anaisoma na kuielewa. Wiki inayofuata wanabishana, kwa sababu kila mmoja alielewa lake. Mgahawa huu ni wa mfano tu, lakini tiketi za namna hii zimejaa kila ofisi.

Usiandike saa kama unavyoitamka. Jikoni, saa 11 ni jioni, jua likielekea kuzama. Kwa aliyezoea kusoma saa kwenye skrini, 11 inaweza kuwa kabla ya mchana, au usiku wakati wateja wameshalala. Andika 17:00. Usiishie hapo, taja na ukanda wa saa: Africa/Dar_es_Salaam. Seva nyingi huhesabu kwa UTC, na saa yetu iko mbele kwa saa 3. Mtekelezaji akiweka 17:00 bila ukanda, maagizo yatafungwa saa 2 usiku, na jikoni watakuwa wameshaosha vyombo.

Taja ni saa ya nani. Simu ya mteja inaweza kuwa nyuma kwa dakika 10, na mwenyewe anaweza kuirudisha nyuma akitaka. Saa inayotawala ni ya seva. Iandike. Usipoiandika, mtekelezaji ataifuata seva na mpimaji ataitazama simu yake, kisha utaletewa ripoti ya hitilafu isiyokuwepo.

Usiache mpaka bila kusema uko upande gani. "Hadi 17:00" inamaanisha nini kwa agizo linalofika 17:00:00 kamili? Usiseme ni sekunde moja tu. Hitilafu hupenda kujificha mpakani: mtu anaandika "chini ya" mahali pa "chini ya au sawa na", na hakuna anayeona mpaka siku mteja atakapolalamika. Amua, kisha toa mifano miwili, mmoja kila upande wa mpaka.

Andika kila kigezo kwa hali, tendo na tokeo. Hali ni jinsi mambo yalivyo kabla. Tendo ni kitu kimoja tu anachofanya mtu au mfumo. Tokeo ni kile kinachoweza kuonekana na kila anayetazama. Tiketi yetu sasa inasomeka hivi:

```
Saa zote: saa ya seva, Africa/Dar_es_Salaam

K1  Hali:  saa ni 16:59:59, kikapu kina sahani 2
    Tendo: mteja anabonyeza "Lipa"
    Tokeo: agizo linahifadhiwa, hali "Linasubiri malipo"

K2  Hali:  saa ni 17:00:00, kikapu kina sahani 2
    Tendo: mteja anabonyeza "Lipa"
    Tokeo: agizo halihifadhiwi, ombi la malipo halitumwi,
           ujumbe: "Maagizo ya leo yamefungwa saa 11 jioni."
           Kikapu kinabaki na sahani 2
```

Tazama K2. "Ombi la malipo halitumwi" ni tokeo pia, na ndilo linalosahauliwa zaidi. Watu huandika kitakachotokea, wakaacha kisichotakiwa kutokea. Mpimaji anaona ujumbe umetokea, anaweka alama ya kufaulu, kumbe nyuma ya pazia mteja ameombwa fedha kwa chakula ambacho hakitapikwa.

Usiandike "mzuri", "haraka", "rahisi" wala "ipasavyo". Maneno haya hayapimiki. Kama ni ujumbe, andika maneno yake yote, nukta ikiwemo. Ndani ya ujumbe kwa mteja "saa 11 jioni" inafaa kabisa, kwa sababu mteja ndivyo anavyosema. Katika vigezo, hapana. Kama ni kasi, taja sekunde, kisha taja kipimo kinaanzia wapi na kuishia wapi.

Fuata fedha mpaka mwisho. Hapa ndipo tiketi nyingi za malipo ya simu zinapoanguka. Mteja anabonyeza "Lipa" saa 16:59:40. Simu inamwomba namba ya siri. Anaitafuta miwani, anaingiza namba, na jibu la kampuni ya simu linafika kwenye seva saa 17:00:30. Je, agizo limo au limechelewa? K1 haisemi. Mtekelezaji akiangalia saa wakati jibu linafika, atalikataa agizo ambalo limeshalipiwa. Mpimaji anayetumia malipo ya majaribio, yanayojibu papo hapo, hatalikuta tatizo hilo hata akijaribu siku nzima.

Huu si uamuzi wa mtekelezaji. Mwulize mwenye jiko anaweza kusubiri kwa muda gani. Tuseme amejibu dakika 3. Basi K3: agizo lililobonyezwa kabla ya 17:00:00 linathibitishwa jibu la malipo likifika kabla ya 17:03:00. K4: jibu likifika 17:03:00 au baadaye, agizo linafutwa, fedha zinaingia kwenye orodha ya kurejeshwa, na mteja anapata ujumbe wenye kiasi hicho. Anayeifanyia kazi orodha hiyo kila asubuhi lazima atajwe kwa cheo chake, la sivyo fedha zitakaa humo.

Usiweke kigezo kisichopimika kwa siku ya kawaida ya kazi. Mpimaji atapataje 16:59:59? Asubiri jioni, ajaribu mara moja, akikosa arudi kesho? Andika ndani ya tiketi ileile kwamba kwenye mazingira ya majaribio saa ya mfumo iweze kuwekwa kwa mkono, na jibu la malipo liweze kucheleweshwa. Hiyo ni sehemu ya kazi, si hisani ya mtekelezaji.

Usimfundishe mtekelezaji namna ya kujenga. "Tumia jedwali jipya" si kigezo. Mteja haoni jedwali.

Andika kisichohusika. "Siku za sikukuu hazimo katika kazi hii." Sentensi moja kama hiyo inazuia ugomvi wa wiki nzima.

Mpe mpimaji tiketi kabla msimbo haujaandikwa. Ron Jeffries, mmoja wa waliotia sahihi Tamko la Agile la mwaka 2001, alizitaja sehemu tatu za hadithi ya mtumiaji: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Wengi wetu tumebaki na kadi. Mwambie mpimaji aeleze kwa mdomo atakavyopima kila kigezo, mtekelezaji akisikiliza. Mtekelezaji akisema "kumbe ulimaanisha hivyo", simama hapo, rekebisha maandishi, kisha endelea.

Usibadilishe kigezo kwenye WhatsApp. Kama mwenye jiko amepiga simu akitaka dakika 5 badala ya 3, tiketi ndiyo inayobadilishwa, kwa tarehe na jina la aliyeamua, na mtekelezaji na mpimaji wanaarifiwa. Makubaliano ya kwenye kundi la gumzo yanamfikia aliyekuwa na bando siku hiyo.

Usiirudishe tiketi kwa jambo ambalo halikuandikwa. Mpimaji anagundua kwamba mteja aliyefungua kikapu jana anaona bei za jana. Ni kweli, na inaudhi. Lakini hakuna kigezo kati ya K1 na K4 kinachogusa bei. Tiketi hii inafungwa, na ya bei inafunguliwa mpya, ikiwa na hali, tendo na tokeo lake.