SOMO: KUTOKA PICHA YA AFISHI HADI KALENDA YA SIMU

Katika somo la leo tunachukua jambo linalotupata sisi wengi hapa Kanyosha. Mtu anaona afishi imebandikwa ukutani, anaipiga picha, na picha inabaki kwenye simu hadi siku ya tukio inapita. Au anaiandika kwenye kalenda, lakini kwa saa isiyo yake.

Tuchukue afishi ya mfano. Inasema hivi: "Mafunzo ya ushonaji, bure. Kujiandikisha Jumamosi 9/5, saa 3:00. Mahali: Kanyosha, shule ya msingi. Nafasi ni 20." Chini kuna nambari ya simu.

Tuanze na saa, kwa maana ndiyo inayowakosesha watu nafasi. Afishi imeandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo saa 3:00 ni saa tatu asubuhi. Simu haihesabu hivyo. Ukiandika 3:00 italia usiku wa manane, wakati wewe ulitaka 09:00. Ongeza sita kwa saa za asubuhi na mchana: saa tatu ni 09:00, saa nane mchana ni 14:00. Afishi ikiwa ya Kifaransa, "9h" ni ile ile saa tatu yetu. Anayeisoma kama saa tisa atafika 15:00, na nafasi 20 zitakuwa zimekwisha zamani. Kwa hiyo angalia kwanza lugha, kisha uandike saa. Kuna simu zinazosoma tarehe na saa ndani ya picha na kukuandalia tukio zenyewe. Hizo usiziamini kwa saa ya Kiswahili.

Tena, tangazo la kikao cha simu linalotoka Kigoma au Nairobi hutumia saa ya huko, ambayo imetangulia ya Bujumbura kwa saa moja. Saa mbili usiku kwao ni saa moja usiku kwetu. Uvira na Bukavu tuko nao sawa.

Sasa tarehe. Hapa kwetu 9/5 ni tarehe 9 mwezi wa tano. Wamarekani huandika mwezi mbele, kwao ingekuwa 5 Septemba. Wengine wetu hujaribu kuhakikisha kwa jina la siku, lakini hapa haisaidii: 9 Mei na 5 Septemba huangukia siku moja ya juma kila mwaka! Jina la siku linasaidia kwa mwaka. Afishi yetu haina mwaka, na picha za zamani huzunguka sana kwenye simu. Tarehe 9 Mei ilikuwa Ijumaa mwaka 2025, na ni Jumamosi mwaka 2026; basi 2026 inawezekana. Lakini hata mwaka 2020 ilikuwa Jumamosi. Kama picha umeipiga mwenyewe ukutani, afishi ikiwa bado mpya, inatosha. Kama umetumiwa, uliza.

Mahali ndipo penye upungufu mkubwa. Kanyosha ya mjini ina kartiye kadhaa, Kajiji, Gisyo, Ruziba na nyingine, na shule si moja. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi kulikuwa pia na komini ya Kanyosha huko Bujumbura vijijini, na wazee bado huitaja. Usichague shule iliyo karibu na kwako kwa kudhani tu.

Mwisho, nambari ya simu. Nambari za Burundi zina tarakimu 8, na mbele yake +257. Tulipohesabu kwenye picha tulikuta 7, kwa sababu ukingo wa picha ulikata ya mwisho. Rudi ukutani upige tena, ukisimama wima mbele ya karatasi ili pembe zote nne zionekane. Kama nambari imeandikwa kwa mkono, angalia 1 na 7: wengi wetu huandika 1 yenye mkia mrefu.

Hivi ndivyo tungeiandika kwenye kalenda:

Jina: Kujiandikisha ushonaji (KUTHIBITISHA)
Tarehe: Jumamosi 9 Mei 2026
Kuanza: 09:00
Mahali: Kanyosha, shule ya msingi. Ipi?
Maelezo: Nafasi 20. Mwaka haukuandikwa. Saa ya kumaliza haikuandikwa. Simu: imekosa tarakimu moja. Haijasemwa vitambulisho gani viletwe.

Simu nyingi zitajaza zenyewe kwamba tukio linakwisha 10:00. Hiyo si habari ya afishi, ndiyo maana tumeandika kwenye maelezo. Picha yenyewe usiifute. Kengele moja iweke siku tatu kabla, ya kukumbusha kupiga simu kuuliza shule na vitambulisho, na nyingine iweke asubuhi yenyewe saa 07:00, yaani saa moja.