Densiti ya maji ya chumvi ya Nunge: namba moja na shaka yake



Anayetoka Bagamoyo mjini kuelekea mashamba ya chumvi ya Nunge huyaona mabwawa yamepangwa mfululizo. Maji ya bahari huingizwa katika bwawa la kwanza, jua na upepo huyapunguza, kisha huhamishwa kutoka bwawa hadi bwawa huku yakizidi kuwa makali. Maji ya bahari yanaingia yakiwa na densiti ya karibu 1.02 g/cm³. Chumvi ya kula huanza kuganda densiti inapofika karibu na 1.21. Yakiachwa mpaka karibu na 1.25, kinachobaki juu ni maji machungu yenye magnesiamu nyingi, na chumvi itakayoganda humo haitapendwa na mpishi. Kwa hiyo anayeamua kufungua njia ya maji kwenda bwawa la kugandishia anahitaji kujua densiti, tena anahitaji kujua anaweza kuiamini namba yake kiasi gani.

Hapo ndipo ripoti nyingi za maabara tunazosahihisha zinapokwama. Mwanafunzi anaandika densiti kwa tarakimu nane za kikokotoo, halafu mwishoni anaongeza sentensi moja kwamba huenda kulikuwa na “makosa ya kibinadamu”. Sentensi hiyo haimwambii msomaji kitu. Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Namba zake tumezipanga wenyewe kwa ajili ya somo, lakini ni za aina ile ile inayopatikana kwenye meza ya maabara ya sekondari.

Tuna maji ya mabwawa mawili, tuyaite A na B, na swali ni hili: lipi limefika kiwango cha kupelekwa kugandishwa? Kundi la kwanza linatumia silinda ya kupimia ya mililita 50, yenye mistari ya mililita moja moja, na mizani ya kielektroniki inayosoma hadi gramu 0.1. Silinda tupu ina gramu 62.4. Ikiwa na mililita 50.0 za maji ya bwawa A ina gramu 123.1. Tungamo la maji ni gramu 60.7, na densiti ni 60.7 kugawanya kwa 50.0, yaani 1.214 g/cm³. Kwa bwawa B wanapata gramu 60.3, densiti 1.206. Wanaandika: “Bwawa A ni kali kuliko B.”

Kabla ya kukubali tuulize kila kipimo kina shaka kiasi gani. Tunaposema shaka hatumaanishi kosa lililofanyika. Tunamaanisha upana ambao ndani yake tunaamini thamani ya kweli imo, kwa chombo hiki na jicho hili. Tarakimu ya mwisho ya mizani ilikuwa ikicheza, basi tunaipa kila usomaji shaka ya gramu 0.1. Kwenye silinda, jicho zuri lililo usawa wa maji linaweza kugawa nafasi ya mistari miwili nusu kwa nusu, basi shaka ya ujazo ni mililita 0.5.

Tungamo la maji limetokana na kutoa usomaji mmoja kutoka mwingine, kwa hiyo shaka zote mbili zimo. Hatuzijumlishi moja kwa moja kuwa 0.2, kwa sababu hakuna sababu ya mizani kukosea juu mara moja na chini mara nyingine kila tunapopima. Mara nyingi makosa hayo hupunguzana kwa sehemu. Tunajumlisha vipeo vyake vya pili, kisha tunatafuta kipeuo cha pili cha jumla. Jibu ni gramu 0.14. Wakati wa kutoa au kujumlisha, tunafanya hivyo kwa shaka zenyewe. Wakati wa kugawanya au kuzidisha, tunafanya hivyo kwa asilimia: 0.14 katika 60.7 ni asilimia 0.23, na 0.5 katika 50.0 ni asilimia 1.0.

```
√(0.23² + 1.0²) = 1.03 %
1.03 % × 1.214 g/cm³ = 0.012 g/cm³
```

Kwa hiyo bwawa A lina 1.214 ± 0.012, na B lina 1.206 ± 0.012. Tofauti yao ni 0.008, na shaka ya tofauti hiyo, kwa njia ile ile ya vipeo, ni 0.017. Shaka ni mara mbili ya tofauti yenyewe. Kundi la kwanza halina haki ya kusema A ni kali kuliko B, wala halijui kama lolote kati ya hayo limefika 1.21. Kazi yao haikuwa mbaya. Silinda ndiyo haina uwezo wa kujibu swali waliloulizwa.

Tazama tena mstari ule wa kipeuo. Asilimia 1.0 ya ujazo imeimeza kabisa ile 0.23 ya tungamo. Tukiazima mizani bora mara kumi, jumla itashuka kutoka asilimia 1.03 hadi 1.00 tu. Tumeona watu wakiomba mizani mpya kwa tatizo lililokuwa kwenye silinda, na hesabu ya mistari miwili ingewaokolea fedha.

Kundi la pili linaacha silinda na kuchukua chupa ya densiti, ile chupa ndogo yenye kizibo cha kioo chenye tundu jembamba. Chupa haisomwi ujazo kwa jicho. Hujazwa maji yaliyokenekwa, hupimwa, halafu hujazwa maji ya bwawa na kupimwa tena, na ujazo ni ule ule mara zote mbili. Chupa tupu ni gramu 28.6, yenye maji yaliyokenekwa 78.4, yenye maji ya A 89.2. Joto la maabara ni nyuzi 29 za Selsiasi, ambapo densiti ya maji safi ni 0.9959 g/cm³.

```
ρ = (89.2 − 28.6) / (78.4 − 28.6) × 0.9959
  = 60.6 / 49.8 × 0.9959
  = 1.212 g/cm³
```

Sasa kuna mtego. Ukifuata mazoea utachukua shaka ya 60.6 kuwa 0.14, ya 49.8 kuwa 0.14, ugeuze kuwa asilimia na kuziunganisha. Utapata shaka ya 0.0044. Lakini chupa tupu, gramu 28.6, imeingia juu na chini ya mgawanyo. Ikiwa tumeipima nzito kupita kiasi, juu na chini vyote hupungua pamoja, na kosa karibu lote hujifuta. Kanuni ya asilimia huchukulia kwamba juu na chini havijuani, na hapa vinajuana.

Njia nyepesi ya kutoka ni kutikisa usomaji mmoja mmoja. Ongeza 0.1 kwenye usomaji mmoja, acha mingine ilivyo, kokotoa densiti upya, uone imesogea kiasi gani. Chupa yenye maji ya A ikiwa 89.3, densiti hupanda kwa 0.0020. Chupa yenye maji safi ikiwa 78.5, densiti hushuka kwa 0.0024. Chupa tupu ikiwa 28.7, densiti husogea kwa 0.0004 tu. Unganisha hatua hizo tatu kwa vipeo:

```
√(0.0020² + 0.0024² + 0.0004²) ≈ 0.003
```

Njia hii haihitaji kanuni ya kukariri wala kalkulasi, na inafaa kwa fomula yoyote unayoweza kuiingiza kwenye kikokotoo. Pia inakuonyesha papo hapo nani mwenye deni. Safari hii mizani ndiyo inayobeba karibu shaka yote, na hapa mizani ya gramu 0.01 ingesaidia kweli.

Bwawa B kwa chupa ile ile linatoa gramu 88.4, yaani 1.196 ± 0.003. Tofauti ya A na B sasa ni 0.016. Kwa kuwa chupa tupu na maji safi ni vya pamoja, shaka ya tofauti inatoka hasa kwenye usomaji miwili wa maji ya chumvi, nayo ni karibu 0.003. Tofauti ni mara tano ya shaka. A limefika, B bado, na kundi hili linaweza kusema hivyo bila kuona haya.

Hesabu hiyo haioni kila kitu, hata hivyo. Densiti ya maji makali ya chumvi hushuka karibu 0.0005 kwa kila nyuzi moja ya joto. Maji yaliyokuwa nyuzi 35 bwawani saa nane mchana, yakipimwa kwa nyuzi 29 maabara, huonekana mazito kwa 0.003, sawa na shaka yote tuliyoikokotoa, na yote upande mmoja. Kosa la namna hiyo halipunguzwi kwa kurudia. Linaondolewa kwa kuandika joto.

Kuna pia povu chini ya kizibo. Jaza chupa upya mara tatu. Ukipata 89.2, 89.2 na 88.6, ya tatu inatoa 1.200, pungufu kwa 0.012, mara nne ya shaka. Mizani haichezi hivyo. Gramu 0.6 za maji haya ni kama nusu mililita, na povu la ukubwa huo linaonekana ukiinamisha chupa kwenye mwanga. Likionekana, futa usomaji huo ukieleza sababu. Lisipoonekana, usiufute, chunguza kama uliishika kwa kiganja mpaka ikapata joto na maji yakatoka kwenye tundu.

Ripoti basi iandike tokeo katika sentensi moja inayojitosheleza: “Densiti ya maji ya bwawa A kwa nyuzi 29 za Selsiasi ni 1.212 ± 0.003 g/cm³, shaka imeunganishwa kwa vipeo kutoka usomaji mitatu wa mizani, kila mmoja ± 0.1 g.” Shaka ina tarakimu moja, mbili ikianza na 1, na tokeo linakomea nafasi ile ile ya desimali. Anayetaka kuandika kwa kilogramu aandike 1212 ± 3 kg/m³, akibadilisha namba zote mbili. Chini yake ziwekwe hatua tatu za kutikisa, 0.0020, 0.0024 na 0.0004, kila moja na jina la usomaji wake, na usomaji mbichi wote, pamoja na ule wa 88.6 uliofutwa.