Mali Iliyo Njiani Iandikwe Wapi?

Msomaji, ikiwa una ghala River Road na duka Kangemi, tia katika daftari lako ukurasa wa tatu, uitwao "Njiani". Tuseme ghala lina magunia 100 ya mbolea na duka lina 10. Ukipeleka 40, andika siku ile ile: ghala 60, njiani 40, duka 10. Jumla ni 110 kama kwanza.

Mwenye duka ayahesabu kabla ya kutia sahihi. Akipokea 38, duka huwa na 48, na njiani hubaki 2. Usibadili hati ili hesabu zilingane. Yakionekana ghalani, ghala liandikwe 62. Yakiwa yamepotea, yaandikwe hasara. Safari hiyo haimalizi siku. Kilichobaki njiani kesho yake kiulizwe.