Openi buku: kitabu kipo mezani, jibu halipo

Likishapita tangazo kwamba mtihani wa Sheria ya Mikataba utakuwa wa kitabu wazi, maktaba hupungua watu. Waliokuwa wanapiga msuli mpaka saa sita usiku wanahamia somo lingine. Hoja yao inaeleweka: kama sheria yenyewe ninaingia nayo chumbani, nikariri ya nini? Basi matokeo yakitoka, sapu za somo hilo zinakuwa nyingi kuliko za somo ambalo kitabu kilikatazwa, na watu wanasema mwalimu alikuwa na roho mbaya.

Mwalimu hakuwa na roho mbaya. Alipokuruhusu kitabu, aliondoa maswali yote ambayo kitabu kingeyajibu. Hatauliza tena "eleza maana ya ofa", kwa sababu maana iko kwenye kifungu cha 2 na hata mgeni wa sheria angeinakili. Atakupa watu wawili waliogombana, tarehe nne au tano, halafu atakwambia: "Mshauri Juma." Alama zimehama kutoka kwenye kujua sheria inasema nini kwenda kwenye kujua inafanya nini ikikutana na tukio. Kazi hiyo kitabu hakikufanyii.

Tuchukue swali moja tulifanye mpaka mwisho, maana ndipo tatizo linapoonekana. Tunatumia Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345.

Asha yuko Arusha. Tarehe 1 Machi anamwandikia Juma wa Mwanza barua, anajitolea kumuuzia magunia 20 ya maharage kwa shilingi 180,000 kila gunia. Tarehe 4 anapata mteja mwenye bei nzuri zaidi, anaposti barua ya pili ya kufuta ofa. Barua ya kwanza inamfikia Juma tarehe 5. Tarehe 6 Juma anaposti barua ya kukubali. Tarehe 8 anapokea ile barua ya kufuta. Tarehe 10 barua ya Juma ya kukubali inamfikia Asha. Je, kuna mkataba?

Mwanafunzi aliyekuja na kitabu peke yake anafungua, anapekua, anakutana na kifungu cha 5. Kifungu kidogo cha kwanza kinasema ofa inaweza kufutwa wakati wowote kabla taarifa ya kuikubali haijakamilika dhidi ya mtoa ofa. Anafurahi. Asha aliposti barua ya kufuta tarehe 4, Juma alikubali tarehe 6, na nne inatangulia sita. Anaandika kwamba ofa ilifutwa mapema na hakuna mkataba, ananakili kifungu chote kwa mwandiko mzuri, anahamia swali la pili akiwa na amani moyoni.

Amekosa. Na amekosa huku jibu likiwa kwenye ukurasa uleule alioufungua, mistari michache juu.

Kifungu cha 5 hakisomwi peke yake. Kinatumia neno "kukamilika", na maana ya neno hilo iko kifungu cha 4. Huko tunaambiwa kwamba taarifa inakamilika kwa nyakati tofauti, kutegemea unaipima dhidi ya nani. Kukubali ofa kunakamilika dhidi ya mtoa ofa pale jibu linapotumwa kwake na kutoka mikononi mwa aliyekubali. Dhidi ya aliyekubali mwenyewe, kunakamilika pale mtoa ofa anapopata habari. Kufuta nako kuna nyakati mbili: dhidi ya anayefuta, ni pale anapotuma; dhidi ya anayefutiwa, ni pale anapopata habari.

Sasa rudi kwenye tarehe. Juma alikubali kwa barua aliyoposti tarehe 6, hivyo Asha alifungwa tangu siku hiyo, ingawa barua yenyewe aliiona tarehe 10. Kufuta kwa Asha kulimfikia Juma tarehe 8. Dhidi ya Juma, tarehe 4 haina kazi yoyote, kwa kuwa siku hiyo Juma hakuwa na habari hata ya ofa yenyewe. Asha amechelewa siku mbili. Mkataba upo.

Mwalimu mjanja hatakuachia hapo. Atauliza tena: "Je, ingekuwaje kama tarehe 9 Juma angempigia Asha simu na kusema ameghairi?" Aliyekwisha kuamini kwamba barua ikipostiwa imekwisha atasema Juma hawezi kurudi nyuma. Lakini kifungu cha 5, kifungu kidogo cha pili, kinamruhusu aliyekubali kughairi kabla kukubali kwake hakujakamilika dhidi yake mwenyewe, na hilo linatokea tarehe 10, Asha anapopata barua. Simu ya tarehe 9 imewahi. Kati ya tarehe 6 na 10, Asha amefungwa na Juma yuko huru. Jambo hilo linashangaza ukilisikia mara ya kwanza, na ndiyo maana halitakiwi kusikika mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani.

Angalia basi kilichohitajika hapo. Si kukariri maneno ya kifungu. Ilihitajika kujua mapema kwamba vifungu vya 4 na 5 vinatembea pamoja, na kuwa umewahi kuzipanga tarehe za namna hiyo kwa mkono wako. Mwenye ujuzi huo anafungua kitabu kwa sekunde chache kuhakiki neno, anakifunga, anaandika. Asiye nao anafungua ili ajifunze, na saa ya mtihani haimsubiri mtu anayejifunza.

Hesabu ya muda ni rahisi. Mtihani wa saa tatu wenye maswali manne unakupa dakika 45 kwa kila swali. Tuseme kutafuta kifungu usichokijua kilipo kunakula dakika tatu, na kila swali linahitaji vifungu vinne. Hizo ni dakika 12 kwa swali, dakika 48 kwa mtihani mzima. Umelipa swali zima kwa kupekua kurasa tu. Mara nyingi anayelalamika kwamba swali la nne hakulifikia hakuwa mvivu wa kuandika. Alikuwa anatafuta.

Maandalizi yenyewe yana sehemu mbili.

Ya kwanza ni ramani ya ukurasa mmoja, inayoanzia kwenye tukio na siyo kwenye namba ya kifungu. Kitabu cha sheria tayari kina orodha ya vifungu mwanzoni, kwa hiyo ukiinakili orodha hiyo hujapata kitu. Mtihani haukupi namba, unakupa visa. Upande wa kushoto andika kile utakachokiona kwenye swali, upande wa kulia andika pa kwenda. Barua au simu zimepishana: 4 pamoja na 5. Mmoja wao ana miaka 17: 11. Muuzaji alisema uongo kuhusu bidhaa: 17 na 18, kisha lazima 19, kwa sababu 17 na 18 zinakwambia uongo ni upi, wakati 19 ndiyo inayokwambia aliyedanganywa anaweza kufanya nini. Mkataba umevunjwa na mtu anadai hasara: 73, na kama walikubaliana kiasi cha faini tangu mwanzo, 74. Ona kwamba kazi kubwa ya ramani hii iko kwenye "pamoja na" na "kisha". Kifungu kimoja kimoja utakipata mwenyewe. Kinachopotea ni jirani yake.

Ramani hii lazima uitengeneze wewe. Desa la mwenzako, hata likiwa na nondo tupu, halitakusaidia sana, kwa kuwa faida yake inapatikana wakati unahangaika kuamua kisa hiki kiende wapi. Tena hakiki mapema sheria za chumba chenu. Vyuo vingi vinavyoruhusu kitabu cha sheria vinataka kiwe kisafi, bila maandishi wala karatasi za kubandika. Kama ndivyo, ramani inabaki hosteli, na wewe unaingia nayo kichwani. Ukurasa mmoja uliouandika mwenyewe mara tatu unaingia kichwani. Kurasa arobaini za desa haziingii.

Sehemu ya pili ni mazoezi ya kweli. Chukua swali la mtihani uliopita, weka saa dakika 45, weka kitabu mezani, uanze. Kila unapokifungua, chora kijistari pembeni ya karatasi. Kama ulifungua kuhakiki kitu ulichokijua tayari, chora kijistari cha kusimama. Kama ulifungua kutafuta usichokijua, chora kijistari cha kulala. Ukimaliza, hesabu. Vijistari vya kulala vikizidi viwili kwa swali moja, mada hiyo hujaisoma, hata kama jibu umelipata mwishoni. Rudi kwenye mada, siyo kwenye swali.

Kisha soma jibu lako na uangalie kitu kimoja: kila kifungu ulichokitaja kimefuatiwa na jina la mtu na tarehe kutoka kwenye swali? Sentensi kama "kifungu cha 4 kinasema hivi" ikifuatwa moja kwa moja na "kifungu cha 5 kinasema vile" ni dalili kwamba unahamisha kitabu kwenye karatasi ya majibu. Msahihishaji naye ana kitabu hicho, hana haja ya kukisoma kwa mwandiko wako. Anachotafuta ni ile sentensi inayosema: kwa hiyo Asha alifungwa tarehe 6, na kufuta kwake kukamfikia Juma tarehe 8, kwa hiyo amechelewa.

Njia hii ina mpaka wake. Inafaa kwa mtihani wa saa chache ndani ya chumba. Kazi ya kwenda nayo nyumbani na kurudisha baada ya siku mbili ina muda wa kutafuta, na huko utadaiwa kesi na hoja za pande zote mbili, ramani ya vifungu peke yake haitatosha. Na hata chumbani, ramani haimwokoi mtu ambaye hajaelewa kwa nini sheria imempa Asha tarehe moja na Juma tarehe nyingine.

Kwa hiyo tangazo la openi buku likipita, kata muda uliotengea kukariri maneno ya vifungu, huo kweli hauhitajiki tena. Muda wote ulioukata uhamishie kwenye maswali ya miaka iliyopita. Anza na lile la Asha na Juma: badilisha tarehe 6 iwe tarehe 9, bila ile simu, kisha useme kama mkataba bado upo. Kitabu kiache kimefungwa mpaka uwe umeshaandika jibu.