Ankara imekuja na akaunti mpya? Piga kwanza namba ya zamani

Leo naweka pembeni kantangaze na mnyauko wa migomba, tuongee hela. Hasa ile hela unayomtumia muuzaji wa pembejeo aliye mbali, ambaye mnamalizana kwa simu na ankara tu.

Wote tunaijua meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunaicheka na kuifuta. Lakini meseji hiyohiyo ikivaa suti, ikaja na nembo ya muuzaji wako na kiasi kilekile unachodaiwa, hakuna anayecheka. Watu wanalipa.

Tuchukue mfano. Kijana wa hapa Kagoma analima nyanya ekari moja. Ameagiza mipira ya dripu na pampu kutoka kwa muuzaji wa Mwanza, na profoma inasema 5,800,000. Ametanguliza nusu, 2,900,000, kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, na risiti anayo. Miche kitaluni imefika wiki ya nne, ikichelewa itarefuka na kulegea. Siku mbili kabla ya mzigo kupakiwa inaingia barua pepe: "Akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi. Tafadhali lipa salio kwenye akaunti hii mpya leo, mzigo upakiwe kesho." Ankara imeambatishwa, ina nembo, mhuri, na salio sahihi la 2,900,000.

Swali la kwanza ambalo vijana huniuliza ni hili: tapeli amejuaje salio langu? Jibu ni kwamba mara nyingi hakubahatisha, amesoma. Ameingia kwenye barua pepe ya muuzaji, au ya kwako, akakaa kimya akifuatilia mazungumzo mpaka siku ya malipo. Wakati mwingine ni mtu wa ndani, kama wakala wa mauzo anayejua oda yako.

Haya yamewapata hata wakubwa. Mwaka 2018 kampuni ya Unatrac, ofisi ya Uingereza inayouza mitambo ya Caterpillar nje, ilipoteza karibu dola milioni 11. Mkurugenzi wake wa fedha alipokea barua pepe yenye kiungo, akaandika neno la siri kwenye ukurasa bandia. Matapeli wakaingia kwenye barua pepe yake na kutuma ankara za kughushi kwa wahasibu, zikionekana zimepitia kwake. Wakapanga pia barua pepe zake zijichuje zenyewe, ili majibu ya wahasibu asiyaone. Mmoja wao, Obinwanne Okeke wa Nigeria, alihukumiwa Marekani kifungo cha miaka 10 mwaka 2021.

Somo kubwa liko hapo kwenye majibu kufichwa. Kijana wetu akijibu ileile barua pepe na kuuliza, "Jamani, ni kweli mmebadilisha akaunti?", anayejibu ni tapeli mwenyewe, tena kwa adabu sana. Kwa hiyo uthibitisho lazima upite njia nyingine, siyo ile iliyoleta ujumbe. Ujumbe umekuja kwa barua pepe au WhatsApp, wewe piga simu.

Na simu yenyewe usipige namba iliyoandikwa kwenye ankara mpya. Tapeli anayebadilisha akaunti hashindwi kubadilisha namba ya simu. Chukua namba kutoka kwenye karatasi uliyokuwa nayo kabla: risiti ya EFD ya malipo ya kwanza, profoma ya mwanzo, au kadi uliyopewa dukani.

Akipokea, usimsomee wewe ile akaunti mpya na kumuuliza kama ni sahihi. Mtu mwenye haraka atasema "ndiyo" ili amalizane na wewe. Muulize hivi: "Habari za kazi dada, mimi ni mteja wa dripu wa Kagoma. Naomba unitajie nililipa kiasi gani mara ya kwanza, na kwenye akaunti ipi." Akishataja sawasawa, uliza: "Kuna mabadiliko yoyote ya akaunti?" Kama yapo, akusomee yeye tarakimu zote na wewe ufuatishe kwenye ankara. Kisha omba kuongea na mtu wa pili, mhasibu au mwenye duka. Hatua hii ndiyo inayomkamata wakala wa mauzo anayetaka salio liingie mfukoni mwake.

Baada ya simu, angalia jina. Ukilipa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Ukilipa kaunta ya benki, mwombe mhudumu akusomee jina la akaunti. Jina hilo lifanane na lililo kwenye risiti ya EFD. Kampuni uliyoilipa jana kwa jina lake, leo ikitaka hela iende kwa jina la mtu binafsi, simama hapo hapo, hata kama umeambiwa ni la mkurugenzi.

Anwani ya barua pepe nayo isome herufi kwa herufi. Herufi r na n zikikaa pamoja, rn, kwenye simu ndogo zinaonekana kama m. Lakini anwani kuwa sahihi hakumaanishi uko salama. Kama barua pepe ya muuzaji imeingiliwa, ujumbe wa tapeli unatoka kwenye anwani yake halisi.

Wengine hutuma kwanza 10,000 ya kujaribu. Hiyo inaonyesha tu kwamba akaunti ipo, haionyeshi ni ya nani. Ina maana pale tu muuzaji, kwa namba ya zamani, anapokutajia kiasi kilichoingia kabla wewe hujamwambia.

Je, kama simu haipokelewi na miche inasubiri? Hapo ndipo tapeli anapokutaka. Pima hasara mbili. Miche ikikaa siku mbili zaidi utapunguza maji na kuiacha kitaluni, shida ni ndogo. Ukilipa mahali pasipo sahihi, hela imekwenda na deni la muuzaji bado liko palepale, kwa sababu yeye hajapokea kitu. Utatafuta 2,900,000 nyingine.

Ukigundua umeshalipa, usianze kubishana na tapeli. Piga benki yako au mtandao wako wa simu dakika hiyohiyo, uombe muamala uzuiwe. Hela zikishatolewa kwa wakala ni ngumu kurudi, ndiyo maana dakika zina thamani. Kisha nenda polisi ukafungue taarifa, ukiwa na ankara zote mbili, risiti ya muamala na ujumbe wenyewe, usifute kitu. Namba ya simu iliyotumika kukutapeli itume kwenda 15040. Mwambie na muuzaji, maana huenda wateja wake wengine wanatumiwa ankara kama yako.

Njia rahisi zaidi ni kulimaliza hili siku ya kuagiza. Kwenye oda yako andika mstari mmoja: malipo yote yataingia akaunti hii, na mabadiliko yoyote yatathibitishwa kwa simu namba hii kabla ya kulipwa. Muuzaji asaini, wewe ubaki na nakala. Siku ankara ya ajabu ikija, mnarudi kwenye karatasi hiyo.

Mwenye ankara inayomtia mashaka aje nayo ofisini kabla ya kulipa, tuisome pamoja.