Geuza Soga za WhatsApp Ziwe Ajenda ya Mkutano wa Chama

Tuseme uko kwenye chama cha wafanyabiashara 12 hapa Ganjoni, na mkutano ni Jumamosi ijayo. Mwenyekiti ameuliza tu, "Tuzungumze nini?" Kufikia usiku kuna jumbe 60. Mmoja anataka mkopo wa shilingi 20,000 aongeze mzigo wa viatu. Mwingine analalamika kwamba michango inaingia kwenye simu ya mweka hazina. Wengine wanabishana nani ataleta mahamri.

Mkienda hivyo, saa nzima itaisha na mwenye viatu atarudi nyumbani bila jibu. Katibu afanye hivi.

1. Chambua. Soma jumbe zote, ukijiuliza: hili lahitaji uamuzi wa wote? Mkopo, ndiyo. Namba ya kupokelea michango, ndiyo. Mahamri yamalizwe papo hapo kwenye kikundi. Na anayedaiwa mchango afuatwe na mweka hazina faraghani, asiaibishwe mbele ya watu.

2. Andika swali. "Mambo ya pesa" haina mwisho. "Je, tumkopeshe mwenzetu 20,000?" inaisha kwa ndiyo au la.

3. Weka mhusika mmoja. Si lazima awe aliyeandika sana. Ni yule atakayeleta taarifa na kufungua mjadala. Muulize kwanza kama amekubali, na ataleta nini. Akikosa la kuleta, hoja hiyo haijaiva. Ukiandika "wote", ujue hakuna atakayejiandaa.

4. Panga kwa kutegemeana, kisha gawa dakika. Hamwezi kuamua mkopo kabla ya kujua kuna kiasi gani, kwa hivyo salio hutangulia.

Zile jumbe 60 sasa zimekuwa hivi:

*Jumamosi, saa 10:00 hadi 11:00 jioni*

- 10:00–10:10 Tuna salio la kiasi gani? *Mweka hazina, na taarifa ya miamala.*
- 10:10–10:30 Je, tumkopeshe mwenzetu 20,000, na alipe kwa muda gani? *Msimamizi wa mikopo, na maombi yaliyoandikwa.*
- 10:30–10:50 Je, tufungue Paybill ya chama? *Mwenyekiti, na orodha ya ada na stakabadhi zinazohitajika.*
- 10:50–10:55 Kusoma maamuzi na nani afanye nini. *Katibu.*

Dakika tano za mwisho ziache wazi, maana kuna hoja itakayovuta. Dakika zikizidi 60, usibane kila hoja, ahirisha moja. Hapa Paybill inaweza kungoja mwezi ujao, lakini mwenye viatu anangojewa na muuzaji wake.

Tuma ajenda siku mbili kabla, ili mweka hazina apate wakati wa kutoa taarifa. Akija bila hiyo taarifa, msikisie salio: anzeni na Paybill huku yeye akiitafuta kwenye simu.