Kujibu Rasimu ya Hoja ya Ukaguzi Yenye Maelezo Yasiyo Sahihi

Tuchukue hoja hii: rasimu inasema vocha 7 zenye jumla ya shilingi 18,400,000 zililipwa bila viambatisho. Meneja wa fedha ana hakika kuwa baadhi ya viambatisho vipo. Ripoti bado haijasainiwa, kwa hiyo barua ya meneja ya kuijibu hoja inaweza kubadilisha maandishi yenyewe.

Hatua ya 1: Tenga kile unachokipinga. Hoja hueleza kilichoonekana, kanuni iliyovunjwa, athari na pendekezo. Barua hii ishughulikie kilichoonekana tu. Ukichanganya na ubishi juu ya kanuni, utajibiwa la kanuni na takwimu zitabaki zilivyo.

Hatua ya 2: Fungua kila vocha mwenyewe. Usitosheke na neno la mhasibu. Tafuta ankara, hati ya kupokelea bidhaa na risiti ya kielektroniki, kisha linganisha kiasi, tarehe na jina la mlipwaji. Katika mfano wetu, vocha 5 za shilingi 15,300,000 zimekamilika, na 2 za shilingi 3,100,000 kweli hazina risiti. Tafadhali usizibe pengo hilo kwa karatasi mpya. Risiti ya kielektroniki huonyesha tarehe na saa iliyotolewa, na mkaguzi huanzia hapo. Ukiipata leo, sema umeipata leo.

Hatua ya 3: Andika kwa ufupi.

"Yah: Rasimu ya Hoja Na. 4, Malipo Yasiyo na Viambatisho

Tumepitia vocha zote 7. Hatukubaliani na maelezo kuhusu vocha 5 (shilingi 15,300,000). Viambatisho vyake vilihifadhiwa kwenye jalada la mradi badala ya jalada la malipo, na hatukuviwasilisha mlipoviomba. Nakala ni Kiambatisho A hadi E. Nyaraka halisi ziko tayari kwa uhakiki. Tunakubali kuwa vocha 2 (shilingi 3,100,000) hazina risiti. Tunaomba idadi irekebishwe kuwa vocha 2 na kiasi kiwe shilingi 3,100,000."

Maneno "hatukuviwasilisha mlipoviomba" ni magumu kuyaandika, lakini ndiyo yanayoibeba barua. Yanamweleza mkaguzi kwa nini aliandika alichoandika, bila kumtuhumu uzembe. Huenda akabakiza hoja ndogo kuhusu utunzaji wa majalada. Ikubali, maana ni haki yake, na ni tofauti kabisa na kuambiwa fedha hazina maelezo.

Hatua ya 4: Wasilisha kabla ya muda kwisha. Barua isainiwe na mwenye mamlaka, na mpokeaji asaini orodha ya viambatisho. Omba kikao cha uhakiki, nyaraka halisi zikiwa mezani. Mkaguzi akishikilia msimamo wake, omba majibu yenu yachapishwe yote chini ya hoja, yakiwa na namba za vocha, ili msomaji wa ripoti aone pande zote mbili.